Sufuria Chini ya Kitanda

Hapa Jambiani watu hunipa hongera njiani. Wanasema mwalimu kastaafu vizuri, kajenga nyumba ya vyumba viwili karibu na bahari, sasa anapokea wageni na kula pesa zake kivulini. Natamani siku moja niwakusanye wote hao, niwakalishe uani kwangu Ijumaa saa 4 asubuhi, mgeni mmoja anatoka na begi lake, mwingine anaingia saa 9 alasiri. Katikati yao kuna mashuka 6, foronya 4, taulo 12, kizulia kimoja cha bafuni, swala ya Ijumaa, na umeme unaokwenda na kurudi kama mkwe aliyenuna. Hapo ndipo wangejua kuwa mimi si mwenye nyumba. Mimi ni dobi.

Kikosi changu kina watu watatu. Wa kwanza ni shangazi yangu, ambaye ndiye jemadari ingawa mwenye hati ya kiwanja ni mimi. Wa pili ni mpwa wangu, kijana mwenye nguvu za punda na haraka ya swala. Wa tatu ni mimi, ninayebeba simu, kalamu na lawama.

Hiyo haraka ya mpwa ndiyo ugonjwa wetu wa kwanza. Mgeni hajafika barabarani, yeye keshavua mashuka yote, kayakunja donge moja, kayasokomeza kwenye mashine. Anadhani anatuokolea muda. Nimemweleza mara nyingi kwamba dakika 10 za kwanza hakuna anayegusa kitu. Mikono nyuma, kama watoto wanaopelekwa kuangalia vitu vya makumbusho. Mimi natangulia na simu, napiga picha ya kila chumba nikisimama mlangoni, halafu jiko, halafu bafu, pembe zilezile kila wiki, ili picha ya leo na ya wiki iliyopita zilingane. Mfagio ukishapita, ushahidi umekwenda na vumbi. Na mgeni mpya akishaingia, huwezi tena kusema kiti kilivunjwa na nani. Kila mmoja atakuambia alikikuta hivyo, na huna la kumjibu.

"Mjomba, mimi naona unapiga picha uchafu," mpwa aliniambia siku ya kwanza.

Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi.

Baada ya picha tunaingia kwenye mashuka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipopotezea fedha nyingi kabla sijapata akili. Shuka halivuliwi na kukunjwa. Linavuliwa, linatolewa uani, linakung'utwa mpaka mchanga uishe, kisha linanyanyuliwa dhidi ya jua kama daktari anavyoangalia picha ya eksirei. Mchanga wa Jambiani ni mweupe na laini kama unga wa sembe, na mgeni anaurudisha kitandani kila jioni kwa uaminifu mkubwa. Usipoukung'uta unakwenda kukaa kwenye chujio la mashine, na mashine inaanza kulia kama ng'ombe. Fundi aliyekuja kulifungua chujio letu mara ya kwanza alitoa konzi nzima, akaniuliza kama ninajenga.

Lakini mchanga ni mwepesi. Adui mwenyewe ni losheni ya jua.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa navua mashuka meupe kabisa, nayatia kwenye mashine, yanatoka na madoa ya rangi ya kutu. Yalikuwa na umbo la mtu: shingo pale juu, mabega mawili, ukanda wa mgongo. Nilimlaumu mpwa. Nikailaumu sabuni. Nikayatia jiki, na madoa yakakolea, yakawa kama yamepigwa mhuri. Nilitupa mashuka manne kwa njia hiyo, na shangazi akayachukua akayakata matambara ya kupigia deki, bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni matusi.

Kumbe losheni nyingi za jua zina kitu kinachoitwa avobenzoni. Kikiwa kwenye ngozi hakina rangi ya kukutisha, na kwenye shuka kinaacha kivuli cha manjano ambacho kwa haraka hukioni. Kikikutana na chuma kilichoyeyuka kwenye maji, ndipo kinapogeuka kutu. Na maji yetu yanatoka kisimani, yanapita kwenye bomba la chuma ambalo lina umri wa kuitwa babu. Kwa hiyo doa halikuja na mgeni peke yake. Nusu alileta yeye, nusu niliichota mwenyewe. Jiki haliondoi doa la namna hiyo, linalikoleza tu.

Sasa tunafanya hivi. Tukiliona shuka lina kivuli cha mafuta dhidi ya jua, tunalipaka pale pale sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, likiwa bado kavu, kwa sababu hayo ni mafuta na ukitanguliza maji sabuni haiyashiki vizuri. Tunalisugua kwa vidole, tunaliacha dakika 20, ndipo linaingia kwenye mashine. Likitoka na kutu hata hivyo, haliendi kwenye pasi. Joto la pasi ni la kuapisha doa. Linapakwa maji ya ndimu na chumvi, linalazwa juani mpaka likauke, kisha linasuuzwa. Wakati mwingine inabidi kurudia mara mbili. Shangazi anasema mama yake alikuwa akitoa kutu kwenye kanzu hivyo hivyo, na kwamba kama ningemuuliza yeye badala ya kukimbilia jiki ningekuwa na mashuka yangu manne. Sikumuuliza kwa sababu sikujua kuwa ni kutu.

Damu ni kinyume cha mafuta: maji baridi, na mapema, maana maji ya moto yanaipika ikakaa kwenye uzi kama yai kwenye kikaango. Na piko haina dawa. Mgeni akichorwa piko ufukweni mchana, akalala nayo kabla haijakauka sawasawa, shuka limekwisha. Usipoteze ndimu yako. Mwite shangazi alete mkasi.

Hapo msomaji mwenye hesabu ataniuliza: mashine moja ya kilo 7, vipande 23, saa tano na moja yake ya msikitini, vinakauka saa ngapi? Jibu ni kwamba havikauki. Wala havina haja ya kukauka. Mashuka anayotandikiwa mgeni wa leo hayakufuliwa leo. Kila kitanda kina seti tatu: moja iko kitandani, moja iko kwenye maji au kwenye kamba, moja imekunjwa kabatini. Nilipoanza nilikuwa na seti moja na nusu, nikijiona mjanja. Ijumaa moja ya masika mvua ilianza saa 6, umeme ukakatika mashine ikiwa katikati, mlango wake ukajifunga na mashuka yangu yakaelea ndani nikiyaangalia kupitia kioo kama samaki. Saa 9 mgeni alitandikiwa shuka ambalo pasi ya mkaa ya jirani ilikuwa imelikausha nusu. Akalala. Asubuhi akaniambia kwa adabu kwamba hajawahi kulala ndani ya wingu.

Mzigo wa kwanza ni mashuka na foronya, wa pili ni taulo, na hatuijazi mashine zaidi ya robo tatu, kwa sababu nguo zisipopata nafasi ya kujipindua zinatoka zimelowa tu, hazijafuliwa. Taulo hatuzitii dawa ya kulainisha. Inazifanya zinukie na kuteleza, lakini inaufunika uzi, na taulo inaacha kunywa maji. Mgeni anajifuta na maji yanahama tu kutoka bega hili kwenda lile. Na taulo nne kati ya zile 12 ni za rangi ya buluu, maalumu kwa pwani. Nimeandika hivyo kwenye karatasi, nimeibandika kwenye kabati, kwa lugha tatu. Bado taulo nyeupe ndiyo inayokwenda baharini.

Mashine ikishaanza kuzunguka, ndipo usafi wenyewe unapoanza, na huo siuzungumzi sana kwa sababu kila mtu anajua kufagia. Tunaanza juu na kuteremka chini, tunaanza chumba cha ndani na kuishia mlango wa nje, na sakafu inapigwa deki mwisho kabisa, mtu akirudi kinyumenyume mpaka barazani. Choo kinatiwa dawa mapema ili ikae ikifanya kazi wakati sisi tuko kwingine. Siku moja mpwa aliona dawa ya choo inachelewa, akaongezea na jiki juu yake. Alitoka bafuni anakohoa, macho mekundu, machozi mpaka kidevuni. Dawa nyingi za choo ni tindikali, na tindikali ikikutana na jiki inatoa hewa ya klorini, ambayo si ya kuvutwa na mtu. Tulifungua madirisha yote tukakaa uani nusu saa. Tangu hapo chupa hizo mbili hazikai rafu moja.

Sasa orodha. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mistari 64. Nilikuwa mwalimu, mnisamehe. Niliipanga kwa aina: vitu vya kioo, vitu vya kitambaa, vitu vya umeme. Ili kuifuata ilibidi uingie jikoni mara tano na chumbani mara sita. Hakuna aliyeifuata. Mpwa alikuwa anamaliza kazi, anakaa kwenye kiti, anaweka alama zote 64 kwa pumzi moja. Nilijua kwa sababu alama zilikuwa zimelala upande mmoja zote, kama mpunga uliopigwa na upepo. Shangazi yeye hakuitazama kabisa.

"Mwanangu," aliniambia, "karatasi haina macho. Vumbi lataka macho."

Sikubishana naye. Niliiandika upya, mistari 22, kwa mpangilio wa miguu: unaingia mlango wa mbele, mkono wa kulia, unazunguka, unatokea mlango wa nyuma. Na nusu ya mistari hiyo si ya kusafisha bali ya kuhesabu. Sahani 6. Bilauri 6. Vijiko vya chai 8. Sufuria 3. Rimoti 1. Feni 3, uziwashe zote. Kila mtu anatia alama pale pale aliposimama, na anaandika namba aliyoikuta, siyo tiki. Tiki unaweza kuidanganya ukiwa umekaa. Namba inabidi uinuke.

Kuhusu bilauri nina msimamo ambao wenzangu wenye nyumba hawaupendi: sidai. Nilinunua za aina moja, za kawaida, zinazopatikana Darajani wakati wowote, na 6 za akiba ziko stoo. Moja ikivunjika natoa nyingine. Kumwandikia mgeni barua kwa ajili ya bilauri ni kujidhalilisha, na utapoteza muda wenye thamani kuliko sanduku zima. Ninachodai ni kuambiwa tu, kwa sababu bilauri iliyovunjika kimya kimya inaacha vipande sakafuni, na watu huku wanatembea miguu mitupu. Hesabu ikionyesha bilauri 5, mpwa anafunga mapazia, analaza tochi ya simu juu ya sakafu, mwanga ukitambaa chini chini, na kila kipande kinamemeta hata kiwe kama punje ya sukari. Vikubwa vinaokotwa kwa mkono wenye glavu, vidogo shangazi anavibonyeza kwa donge la unga uliokandwa, vinang'ang'ania humo. Halafu vyote vinaviringishwa kwenye gazeti, vinatiwa kwenye boksi, na boksi linaandikwa VIOO, maana yule kijana anayezoa taka naye ana vidole.

Ijumaa ninayotaka kuisimulia bilauri zilikuwa zimetimia. Sahani zimetimia. Waliotoka walikuwa familia ya watu wanne, watu wapole, waliacha hata jiko limefutwa. Mpwa akiwa jikoni akasema, "Mjomba, sufuria mbili."

"Hesabu tena."

"Mbili. Ile kubwa ya wali haipo."

Nikasema labda waliitoa barazani. Haikuwepo. Uani haikuwepo. Shangazi akasema nani atasafiri na sufuria ya wali kwenye ndege. Saa 6 ilikuwa imekaribia, nilitakiwa nikaoge niende msikitini, na nikasema basi, andika mbili, tutajua mbele. Shangazi akakataa. Aliniambia kitu kikubwa hakipotei ndani ya nyumba ndogo, kinafichwa, na kinafichwa kwa sababu. Akainama kwa magoti yake ya miaka sabini na ushei, akaangalia chini ya kitanda kikubwa.

Sufuria ilikuwa pale. Imepinduliwa, makalio juu, na juu yake kuna kitabu changu kimoja kinene cha jiografia, na juu ya kitabu kuna chaga ya kitanda iliyovunjika katikati. Chaga ya pili yake nayo ilikuwa imepasuka, imefungwa kwa mkanda wa begi. Godoro limetandazwa juu, shuka limevutwa sawasawa, huwezi kujua. Nilisimama pale nikastaajabu. Kazi ilikuwa nzuri. Kitabu kilikuwa na unene uleule uliotakiwa. Ni wazi walijaribu vingine kabla ya kukipata.

Sasa fikiria kama tusingehesabu sufuria. Waliokuwa wanaingia saa 9 walikuwa mtu na mkewe, wamefunga ndoa wiki hiyo. Ningetandika shuka safi kabisa juu ya mtego.

Nikapiga picha nne: sufuria mahali pake kabla haijaguswa, chaga ya kwanza, chaga ya pili, na kitanda kizima godoro likiwa limenyanyuliwa. Nikatafuta picha za wiki iliyopita nilinganishe, nikagundua upungufu wangu: nilikuwa na picha za kitanda kikiwa kimetandikwa vizuri, maua ya asumini juu ya mto, lakini hakuna hata moja ya chini ya godoro. Kwa sheria za mtandao tunaopangishia, ningekuwa na siku 14 tangu mgeni atoke kudai nikiwa na picha na risiti. Picha za baada nilikuwa nazo. Za kabla, sina.

Kwa hiyo sikudai. Niliuliza. Nilimwandikia yule baba palepale, nikiwa nimesimama na ndoo mkononi, maneno machache: tumeikuta sufuria chini ya kitanda, tunataka kujua chaga ilivunjika lini, na kama kuna mtu aliumia. Hakuna bei, hakuna lawama. Kabla fundi tuliyemwita hajafika jibu likaja. Watoto waliruka usiku wa pili. Hakuna aliyeumia. Waliona haya kusema, wakaona waitengeneze. Nitaje gharama, atalipa leo. Nilimtajia shilingi 20,000, mbao mbili na ujira wa fundi, nikamtumia picha ya risiti, akalipa. Nadhani ningeanza na bei, angeniambia aliikuta hivyo, na mimi nisingekuwa na picha ya kumjibu.

Fundi alikuja na mbao begani saa 7 na nusu, baada ya swala, akapigilia huku shangazi akimfuata na tambara kufuta vumbi la mbao kabla halijatua. Saa 8 na dakika 20 kitanda kikatandikwa. Nikalala juu yake mwenyewe, nikajigeuza mara tatu, kisha nikaenda kukaa chooni mlango umefungwa. Msicheke. Mtu anayesafisha choo anakiona akiwa amesimama, mgeni anakiona akiwa amekaa, na kuna nyuzi za buibui nyuma ya mlango ambazo hazionekani kwa njia nyingine yoyote. Siku hiyo ulikuwepo mmoja.

Saa 8 na dakika 40 maharusi wakabisha hodi. Walikuwa wamewahi, gari lao lilikuwa na haraka. Sakafu ya baraza bado mbichi, mpwa kashika deki, mimi nimevaa kanzu ya Ijumaa yenye mabaka ya jiki. Shangazi akawapa madafu wakae chini ya mkungu mpaka saa 9, kwa sababu saa 9 ni saa 9.

Orodha sasa ina mistari 23. Mstari mpya unasema: nyanyua godoro, piga picha. Sufuria imesuguliwa na imerudi jikoni, kitabu cha jiografia kimepinda mgongo lakini kinasomeka. Vijiko vya chai vinatakiwa kuwa 8 na vipo 7. Kama ulilala kwangu mwezi uliopita, naomba uangalie kwenye begi lako, mfuko wa pembeni.